Bango la mechi na muziki: namna ya kupiga picha ya umati, kupanga taa na kuiacha nafasi ya tarehe na uwanja

Mabango mengi yanayobandikwa Soko la Mwanga au stendi ya Masanga hayaharibiwi na picha mbaya. Picha yenyewe mara nyingi ni nzuri. Yanaharibika dakika ya mwisho, pale mtu anapotakiwa kuandika siku, saa na uwanja juu ya vichwa vya watu, miale ya taa na jezi za rangi kumi. Hapo huwekwa kisanduku cheupe, au maandishi hupakwa kivuli na mstari wa njano kuzunguka kila herufi, na bango zima linakuwa kama ukuta wa matangazo ya waganga. Dawa yake ni kuipanga nafasi tupu kabla hata ya kupiga picha.

Mwongozo huu unafuata kazi moja ya mfano kuanzia picha hadi karatasi: bango la A3 la siku moja yenye mechi jioni na muziki usiku, Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, Jumamosi 8 Agosti 2026. Programu inayotumika ni GIMP, kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Anayetumia Photoshop atapata vitu vilevile kwa majina yanayokaribiana.

Nafasi tupu ikae katikati

Watu wengi huiacha nafasi ya maandishi chini kabisa. Kwenye skrini inapendeza, barabarani inakufa. Chini ya bango ndipo bodaboda wanapoegesha, ndipo mama anapopanga dagaa zake, ndipo mwenzako anapokuja kubandika tangazo lake akifunika theluthi ya lako, na ndipo gundi inapoachia kwanza. Nafasi ya juu kabisa nayo ni mahali pa taa, na taa ndizo zinazomvuta mtu aliye mbali atazame.

Kwa hiyo bango ligawe hivi: taa juu, utulivu katikati, umati chini. Kwa A3 iliyosimama, yenye urefu wa milimita 420, asilimia 20 ya juu ni taa (milimita 84), asilimia 40 ya katikati ni nafasi tupu (milimita 168), na asilimia 40 ya chini ni umati. Ndani ya eneo la umati, milimita 25 za mwisho ziwe za nembo za wadhamini. Ziweke tangu mwanzo hata kama mdhamini bado hajapatikana. Mdhamini akija siku mbili kabla ya tukio na nembo yake haina pa kukaa, atapewa nafasi ya tarehe.

Mpangilio huu una faida nyingine ambayo utaiona mwishoni: ukikata mraba katikati ya bango kwa ajili ya WhatsApp, tarehe, uwanja na saa vyote vinabaki ndani.

Hesabu ya herufi kabla ya kitu kingine

Chukua karatasi na kalamu. Mtu aliye kwenye bajaji anapita mita 5 hivi kutoka ukutani. Kipimo kinachofaa mtaani ni sentimita 1 ya urefu wa herufi kwa kila mita 2, kwa hiyo tarehe na jina la uwanja vinahitaji herufi za milimita 25. Saa inaweza kuwa milimita 14, maana mtu aliyekwisha kuvutiwa na siku atasogea.

Sasa upana. A3 ina milimita 297. Ukiacha ukingo wa milimita 20 kila upande zinabaki 257. Kwa fonti nyembamba na nzito kama Oswald au Bebas Neue, herufi kubwa moja huchukua upana wa karibu nusu ya urefu wake. Herufi ya milimita 25 inakula kama milimita 12.5. «JUMAMOSI 8 AGOSTI» ni nafasi 17 ukihesabu na mapengo, yaani milimita 213. Inaingia vizuri.

Lakini usipime kwa tarehe uliyonayo, pima kwa ndefu kuliko zote. Siku zetu zina bahati: tano kati ya saba zina herufi nane, Jumanne ina saba na Ijumaa sita, kwa hiyo siku haibadilishi sana urefu. Kinachobadilisha ni tarehe na mwezi. «ALHAMISI 24 SEPTEMBA» ni nafasi 20, sawa na milimita 250. Inaingia kwa kubana, imebaki milimita 7 tu. Ukiipanua herufi hadi milimita 26, inatoka nje. Ndiyo maana 25 ndiyo kikomo cha mpangilio huu, na ukikijua mapema hutahangaika bango litakapotumika tena mwezi Septemba.

Uwanja ndio mtihani wenyewe. «UWANJA WA LAKE TANGANYIKA» ni nafasi 25, yaani milimita 312 kwa herufi za 25. Haiwezekani. Ukiipunguza hadi iingie kwenye mstari mmoja inashuka kwenye milimita 20, na jina la uwanja linakuwa dogo kuliko tarehe. Ivunje: «UWANJA WA» kwa herufi ndogo za milimita 10, chini yake «LAKE TANGANYIKA» kwa 25, ambayo inachukua milimita 188. Bango hilohilo likienda Tabora, «ALI HASSAN MWINYI» ina nafasi 17, milimita 213, na inakaa palepale bila kugusa chochote.

Jumlisha urefu sasa: tarehe 25, pengo 10, «UWANJA WA» 10, pengo 4, jina la uwanja 25, pengo 10, saa ya mechi 14, pengo 5, saa ya muziki 14. Jumla ni milimita 117. Nafasi yetu ni 168, kwa hiyo zinabaki 51, kama 25 juu na 25 chini za kupumulia. Kichwa cha tukio hakimo kwenye hesabu hii kwa makusudi. Chenyewe kikae juu, kwenye eneo la taa, kwa sababu herufi kubwa za milimita 35 na zaidi zinavumilia mwanga na fujo nyuma yake. Herufi ndogo hazivumilii.

Picha ya umati: watu 20 wanatosha

Umati wa maelfu ukipigwa kutoka mbali unakuwa kokoto. Nguvu ya umati inatokana na mikono na vichwa vilivyo karibu na kamera, na kwa bango la A3 watu 15 hadi 20 wanatosha kabisa. Wasimamishe wakiwa wamebanana bega kwa bega, safu ya nyuma watatu au wanne, mbele yao sita, mbele zaidi waliobaki, wote wakiutazama upande wa taa. Wewe simama nyuma yao, simu ikiwa usawa wa kifua, ielekee juu kidogo. Ukiinua simu juu ya vichwa, unapata visogo na uwanja mtupu mbele yao. Ukiishusha, mikono inapanda angani na pengo lote la mbele linafichika nyuma ya migongo.

Waambie wasinyooshe mikono wote kwa pamoja. Mikono ishirini iliyolingana inafanana na mazoezi ya shule. Theluthi moja wainue mikono miwili, theluthi moja mmoja tu, waliobaki wapige makofi au wapeperushe skafu. Mmoja abebwe mabegani, lakini asiwe katikati. Mweke kwenye theluthi ya kushoto au ya kulia, kwa sababu kichwa chake ndicho kitakachopenya kwenye nafasi ya maandishi, na pembeni hakitagombana na tarehe.

Jambo la kuangalia kwa karibu ni mkono mmoja. Mkono ulioinuliwa dhidi ya taa unapata uzi mwembamba wa mwanga kwenye ukingo wa vidole na kwenye kiwiko, na kati ya vidole mwanga unapita. Huo uzi ndio unaomwambia mtazamaji kwamba pale kuna taa za kweli. Kama vidole vimefungwa, mkono unakuwa rungu jeusi. Waambie wafungue vidole.

Kuwapiga kwa nyuma kuna faida ya ziada: nyuso hazionekani, na hutalazimika kumtafuta kila mtu umwombe ruhusa ya kubandikwa mjini. Kama kuna sura inayotambulika, hasa ya mtoto, omba ruhusa au iache. Na usichukue picha ya mashabiki ya mtu mwingine kutoka mtandaoni. Kazi ya nusu saa na vijana ishirini wa mtaani inakupa picha iliyo yako, tena yenye ukubwa kamili.

Saa ya kupiga, na jua la Kigoma

Hapa miongozo iliyoandikwa Dar es Salaam inapotosha. Kigoma iko magharibi kwa kiasi kwamba jua linazama kama dakika 40 baada ya kuzama Dar, na saa za nchi ni zilezile. Saa 12:30 jioni, wakati Dar giza linaanza kuingia, Kigoma jua bado lipo juu ya ziwa. Ukiwasha taa za jukwaa saa hiyo hazionekani kabisa. Kwa siku nyingi za mwaka jua linazama karibu na saa 1:00 usiku, na dakika 20 zinazofuata ndizo za kupigia: anga ni buluu nzito, taa zinaonekana, na umati bado una umbo badala ya kuwa doa jeusi. Tabora iko mashariki zaidi, kwa hiyo huko tanguliza kwa kama dakika 12.

Kwa sehemu ya mechi, tumia jua lenyewe. Piga ukielekea magharibi kati ya saa 12:00 na saa 12:45 jioni, jua likiwa chini nyuma ya umati. Vumbi jekundu linaloinuliwa na miguu litawaka kama moshi wa jukwaani, na hilo huhitaji kulinunua.

Kama huna jukwaa, taa moja ya nje ya LED ya wati 50 inatosha. Iweke mita 4 au 5 mbele ya watu, juu kuliko vichwa vyao, ikielekea kwako. Mwili wa mtu mmoja uzibe balbu yenyewe ili isiungue kwenye picha.

Kwenye simu, gusa sehemu yenye mwanga mkali kisha ushushe kipimo cha mwanga hadi karibu −1. Zima hali ya usiku: inafungua kamera kwa muda mrefu na mikono inayorukaruka inakuwa ukungu. Kama simu ina sehemu ya kuweka mwenyewe, tumia 1/100 ya sekunde. Ukikimbilia 1/500 chini ya taa za umeme, unaweza kukuta mistari ya giza inakata picha kwa mlalo, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na baadhi ya taa za LED zinapepesa nao. Kama mistari inabaki hata kwa 1/100, shuka 1/50 na uwaambie watu washikilie mikono juu bila kuruka. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi kabla ya kila awamu, maana alama ya kidole inageuza kila taa kuwa mkia wa mafuta.

Piga wima, na acha anga tupu juu ya mikono kwa zaidi ya nusu ya picha. Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote: mpiga picha anajaza fremu kwa watu, kisha mtengenezaji anatafuta nafasi ambayo haikupigwa.

Kuunganisha kwenye GIMP

Fungua `File > New`, weka upana 3508, urefu 4961, na kwenye `Advanced Options` weka 300 kwa inchi. Hiyo ni A3 kamili. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina upana wa pikseli 3000 ikiwa wima, kwa hiyo utaivuta kwa asilimia 17 tu na haitavunjika.

Nenda `Image > Precision` uchague `16 bit integer`. Sababu yake itaonekana kwenye anga ya buluu nzito baadaye. Kisha `Image > Guides > New Guide (by Percent)`, weka mistari ya mlalo kwenye 20 na 60.

Jaza leya ya chini kwa buluu nzito sana, `0a1228`. Usitumie nyeusi tupu. Nyeusi inafanya mikono mieusi ipotee ndani yake. Ingiza picha ya umati kwa `File > Open as Layers`, ishushe mpaka vichwa vingi viwe chini ya mstari wa 60. Vidole vya pembeni na yule aliyebebwa vinaweza kuvuka hadi kama 50, ila katikati pabaki wazi. Bofya leya hiyo kwa kitufe cha kulia, chagua `Add Layer Mask`, `White (full opacity)`, kisha vuta gradienti kutoka nyeusi juu hadi nyeupe chini, uanzie kwenye mstari wa 40 na uishie kwenye 55. Anga ya picha itayeyuka ndani ya buluu bila ukingo kuonekana.

Ukihitaji watu zaidi, nakili leya, igeuze kushoto kulia, ikuze kwa asilimia 15 na uisogeze chini kidogo kwenye bango kuliko ile ya kwanza. Usiiache kwa ukubwa uleule. Jicho la mtu linatambua haraka skafu moja iliyotokea mara mbili.

Taa zina njia mbili. Kama umepiga taa za kweli zikiwa kwenye giza, weka picha yake juu ya leya ya buluu, chini ya leya ya umati, na ubadili `Mode` kuwa `Screen`: weusi unatoweka, mwanga unabaki. Kama unachora, fanya hivi. Weka alama nne za balbu kwenye mstari ulionyooka, karibu na ukingo wa juu. Kutoka kila alama, kata pembetatu nyembamba kwa `Free Select`, yenye ncha kwenye balbu na kupanuka kadiri inavyoshuka. Ijaze, kwenye leya mpya, gradienti kutoka rangi kamili kwenye ncha hadi isiyoonekana mwishoni, weka `Screen`, ondoa uteuzi kwa `Select > None`, kisha `Filters > Blur > Gaussian Blur` ya 30 hadi 40.

Kuna mambo mawili yanayoifanya miale ionekane ya uongo. La kwanza ni ncha: miale inayotoka hewani, isiyokutana na balbu yoyote. La pili ni mwisho: miale iliyopita juu ya vichwa vya watu wa mbele. Mwanga unatoka jukwaani, nao wako kati yako na jukwaa, kwa hiyo leya za miale zikae chini ya leya ya umati. Elekeza miale miwili ya kando kushoto na kulia, kwa pembe, ili ikwepe katikati, na ile ya ndani iishie kabla ya mstari wa 30. Ukungu mwepesi unaufanya mwale uaminike, kwa sababu hewani mwale huonekana tu pale moshi au vumbi linapourudisha: tengeneza leya mpya, `Filters > Render > Noise > Solid Noise`, `Screen`, uwazi asilimia 10 hadi 15.

Rangi za miale chagua mbili tu. Ya dhahabu inafaa kubeba mechi na vumbi, ya buluu ibebe usiku. Jihadhari na buluu tupu ya skrini, `0000ff`. Kwenye karatasi inageuka zambarau iliyofifia, kwa sababu wino wa buluu ya mbinguni na wa waridi ndio unaoitengeneza na mchanganyiko wake haufikii ule mng'ao. Tumia `0a78dc`, iliyosogezwa kuelekea rangi ya ziwa, nayo itatoka karibu na unavyoiona.

Kuipima nafasi tupu

Macho yaliyokaa saa tatu mbele ya skrini hayaaminiki. Histogramu husoma leya iliyochaguliwa tu, kwa hiyo kwanza tengeneza leya ya muda ya picha nzima kwa `Layer > New from Visible`, na uifute kila ukishapima. Zungushia nafasi ya katikati kwa `Rectangle Select`, ukiacha pembeni penye vidole, kisha fungua `Windows > Dockable Dialogs > Histogram`. Tazama namba mbili. `Mean` ni wastani wa mwanga, kutoka 0 hadi 255: iwe chini ya 60 ili maandishi meupe yatoke. `Std dev` ni kiasi cha fujo: iwe chini ya 20. Faili la 16 bit likikuonyesha namba za kati ya 0 na 1, zizidishe kwa 255 kwanza. Unaweza kuwa na wastani mzuri wa 50 huku fujo ni 40, maana yake kuna mwale mkali unapita kwenye giza, na herufi mbili za «TANGANYIKA» zitakazoangukia hapo zitafifia.

Fujo ikizidi, usiweke kisanduku. Tengeneza leya mpya juu ya miale, `Mode` iwe `Multiply`, shika brashi laini yenye upana wa 900, rangi ya buluu nzito uliyoanza nayo, uwazi 20, upake polepole ukipima kila baada ya mapito mawili. Kwenye kazi yetu ya mfano mapito matano hadi sita kwa kawaida hushusha fujo ya kutosha bila mtu kujua kwamba pamepakwa.

Halafu funga leya za picha zote kwenye kundi moja liitwe PICHA, na uweke kundi lingine MAANDISHI. Hifadhi kama `.xcf` kundi la maandishi likiwa tupu. Hilo ndilo bango mama.

Maandishi

Andika siku na tarehe pamoja kila mara, na uzilinganishe na kalenda. Tarehe 8 Agosti 2026 ni Jumamosi kweli, tena ni Nane Nane. Siku isipolingana na tarehe, nusu ya watu watakuja siku nyingine. Mwezi uandike kwa jina.

Saa iandikwe kwa Kiswahili na kipande chake cha siku: «MECHI SAA 10:00 JIONI», «MUZIKI SAA 1:00 USIKU». Neno jioni au usiku lisiachwe hata kama nafasi ni finyu. Kama nakala zitapelekwa Kibirizi kwa wasafiri wa maboti, ongeza «saa za Tanzania» kwa herufi ndogo, kwa sababu Burundi na ng'ambo ya ziwa kule Kalemie wako nyuma yetu kwa saa moja.

Kumbuka kwamba namba ya ukubwa wa fonti si urefu wa herufi. Herufi ya milimita 25 ni pikseli 295 kwenye faili hili, na kwa fonti nyingi utalazimika kuandika ukubwa wa 400 au zaidi kuipata. Ipime kwa `Measure`, chombo chenye alama ya kupimia.

Tarehe na uwanja viwe vyeupe. Dhahabu ya miale itumie kwenye saa tu. Usiongeze kivuli. Kama maandishi yanahitaji kivuli ili yasomeke, rudi kwenye histogramu.

Kwa mchapaji

Skrini inajiwakia mwanga wake, karatasi inategemea mwanga wa barabarani. Umati unaoonekana vizuri kwenye kompyuta unatoka tope jeusi. Kabla ya kutoa faili, ongeza mwanga wa eneo la umati pekee kwa `Colors > Curves`: shika robo ya chini ya mstari, uinue kidogo, mpaka mikunjo ya shati ionekane kwa uwazi unaokukera. Ndivyo itakavyotoka sawasawa. Chapa nakala moja ya A4, ibandike ukutani nje saa 6 mchana, kisha rudi nyuma mita 3 na nusu. A4 ni ndogo kwa asilimia 30, kwa hiyo umbali huo ni sawa na A3 kwa mita 5.

Ukiona anga ya buluu imekuwa ngazi za mistari, gradienti imebanwa. Ongeza `Filters > Noise > RGB Noise` kidogo sana, 0.02, kwenye leya ya chini. Chembe hizo hazionekani na zinavunja ngazi.

Steshenari nyingi zinachapa A3 kwa mashine isiyofika ukingoni, inaacha mpaka mweupe wa milimita 4 au 5. Uliza mapema. Kama wana karatasi ya SRA3, ya milimita 320 kwa 450, tengeneza faili kubwa zaidi kwa milimita 3 kila upande ili wakate. Kama hawana, ukubali mpaka mweupe na usogeze kila kitu muhimu ndani. Faili lipeleke kwa flashi. Ukilazimika kutumia WhatsApp, litume kama dokumenti. Likitumwa kama picha linabanwa, na mchapaji anapokea kivuli cha kazi yako.

Kwa magrupu, kata mraba kuanzia milimita 50 kutoka juu hadi 347, upana wote, kisha upunguze hadi 1080 kwa 1080. Kichwa ukishushe kidogo kwa toleo hili. Kwa stetasi, 1080 kwa 1920, ongeza buluu nzito juu na chini badala ya kuvuta picha.

Siku ikiahirishwa baada ya kubandika, nafasi iliyotulia inakuokoa mara ya pili. Andika tarehe mpya kwenye kipande chenye buluu ileile, milimita 257 kwa 60. Karatasi moja ya A4 iliyolazwa inatoa vipande vitatu. Kwa mabango 90 ni karatasi 30, na gundi ya unga wa muhogo.